Maneno Aliyopewa Mwanatabu

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. La, nimekosea. Ishirini na mbili ulikuwa mwaka wa kura, na katika habari hii hamna kura. Ilikuwa ishirini na tatu, ule mwaka wa mvua kubwa za Novemba, njia za Mtopanga zilipogeuka mito na watu wakaenda kazini viatu mkononi. Sisi wazee hukumbuka miaka kwa maji na kwa jua, tarakimu hutuponyoka. Lakini Ngowa Tsuma haukosei mwaka ule hata kidogo. Ukiutaja mbele yake huangalia vidole vyake vya miguu, na mazungumzo huishia hapo.

Ngowa ni mtu wa Mtopanga, mwembamba, mpole, miaka yake hamsini kasoro. Alikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo kwa miaka kumi na mmoja, hata redio ikafungwa. Watu bado humtambua kwa sauti kabla ya sura. Baada ya hapo akapata kazi Changamwe, katika ofisi ya chumba kimoja iliyo juu ya duka la vipuri, kwa mwanamke aitwaye Lynnette aliyetoka bara. Kazi yenyewe ni hivi: kampuni ikiwa na kitu kipya cha kuuza, humwendea Lynnette, Lynnette humpa Ngowa, naye Ngowa huandika taarifa kwa vyombo vya habari, ukurasa mmoja au mmoja na nusu, ili mhariri akiipokea aweze kuitumia bila kuifinyanga upya. Ni kazi ya adabu. Mtu hupata chakula chake na hatoki jasho.

Jumatatu moja Lynnette aliweka kompyuta mbele yake. "Hii ni ya Oduor wa Miritini," alisema. "Slaidi ishirini na sita. Uzinduzi ni Alhamisi saa nne asubuhi. Wahariri wapate taarifa Jumatano kabla ya saa tisa."

Oduor alikuwa na karakana Miritini, karibu na pale malori yanapolala, akitengeneza makaa kwa vifuu vya nazi. Vifuu huchomwa, husagwa, huchanganywa na uji wa muhogo, hushindiliwa na kuanikwa. Makaa hayo aliyaita Kifuu Moto. Slaidi zake zilikuwa za kupendeza: moto wa rangi ya chungwa, mishale ya kupanda juu, maneno makubwa machache machache. Ya kwanza ilisema, "Mapinduzi ya Jikoni." Ya pili ilisema, "Bora Kuliko Yote Afrika Mashariki."

Ngowa alizipitia zote mara mbili na kalamu mkononi. Alikuwa na usemi wake kuhusu slaidi, na mimi nimeusikia kwake: kwamba slaidi huandikwa ili mtu asimame kando yake na kuziba mapengo kwa mdomo. Taarifa haina mtu wa kusimama kando yake. Inakwenda peke yake mpaka kwa mhariri aliyechoka, na lolote isilolisema halisemwi.

Basi akaanza na kichwa. "Mapinduzi ya Jikoni" alikitupa, kwa kuwa hakimwambii mtu nini kimetokea. Akaandika: "Kampuni ya Miritini yazindua makaa ya vifuu vya nazi kwa wapishi wa Mombasa." Hapo pana nani, nini na wapi. Siku na saa akazitia aya ya kwanza. "Bora kuliko yote" akaifuta, maana alitafuta ushahidi katika slaidi zote ishirini na sita asiupate.

Kisha akaingia kwenye takwimu, na hapo Ngowa alikuwa hodari kweli. Slaidi ya tisa ilisema makaa huwaka muda wa saa nne. Slaidi ya kumi na tano ilisema saa tatu. Akampigia Oduor.

"Hiyo ya nne ni ya kwa maabara," Oduor alisema. "Jiko limefunikwa, hakuna upepo. Kwa watu ni tatu."

"Watu wangapi?"

"Thelathini na wawili. Wapishi wa Likoni, mwezi wa nane."

"Basi naandika saa tatu, katika majaribio ya kampuni kwa wapishi thelathini na wawili wa Likoni."

"Ah, Ngowa! Nne inakaa poa zaidi."

"Inakaa poa mpaka mama atie maharagwe jikoni na moto uzime. Ndugu yangu, niache na tatu."

Oduor alicheka akakubali. Ngowa akapanga mambo makuu chini ya aya ya pili: makaa yametengenezwa kwa nini, yanawaka muda gani, mfuko una uzito gani na unauzwa shilingi ngapi, unapatikana wapi kuanzia lini. Chini kabisa akaweka maelezo mafupi ya kampuni, na jina lake na namba yake ya simu, ili mwandishi mwenye swali ajue wa kumpigia. Mpaka hapo hapakuwa na doa.

Zikabaki nukuu mbili. Desturi ya kazi hiyo, kwa asiyeijua, ni kwamba mwandishi hutunga maneno kwa niaba ya mkubwa, kisha humpelekea mwenyewe ayakubali au ayageuze. Yakishakubaliwa yanakuwa yake. Ya Oduor aliitunga, akaituma kwa simu, na Oduor akajibu "sawa" kabla hata ya kuifikisha mwisho. Lakini taarifa huhitaji sauti ya pili, ya mtu anayekitumia kitu chenyewe. Na sauti hiyo ilikuwa kwenye slaidi ya kumi na saba.

Ilikuwa picha ya mwanamke amevaa leso za rangi ya machungwa, ameinama juu ya karai la viazi, uso umeng'aa kwa moto. Chini yake waliandika, "Maisha yamebadilika! – Mwanatabu, Mtongwe." Ngowa aliitazama sana picha ile. Alijua hakuna mwanamke wa Mtongwe anayeweza kufungua kinywa akasema "maisha yamebadilika" kwa sababu ya makaa. Akatafuta namba yake katika orodha ya wapishi wa Likoni, maana Mtongwe iko huko huko, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena jioni. Haipatikani.

Akaamua kumtungia, kisha amtafute amsomee. Na maneno yakamjia kwa urahisi, kama yaliyokuwa yakimngoja: "Zamani mume wangu akirudi hukuta nyumba imejaa moshi, akageuza njia kwenda barazani. Siku hizi anarudi mapema. Anakaa jikoni na mimi, naepua viazi, tunacheka." Alipomaliza aliyasoma kwa sauti, ile sauti yake ya redio, akatabasamu peke yake. Akayapaka rangi ya manjano, alama yao ya ofisini kwamba maneno haya mwenyewe hajayathibitisha.

Jumanne aliaga kwenda Mtongwe. Nitaisema hii kama ilivyokuwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alinisisitiza niiseme. Alifika kivukoni. Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu, watu wamejaa hadi mlangoni, suruali yake imelowa mpaka magotini. Akasimama chini ya kibanda cha chai, akanywa kikombe kimoja, akanywa cha pili. Kisha akageuka akarudi zake Changamwe. Hakuna aliyemzuia. Ferri zilikuwa zinakwenda.

Lynnette alimuuliza, "Ulimpata yule mama?"

"Simu yake haipatikani," alisema Ngowa. Na kweli haikuwa ikipatikana.

Jumatano saa nane unusu Lynnette alisimama nyuma ya kiti chake. "Hii manjano ni ya nini bado?"

"Mwenye maneno hajaulizwa."

"Ngowa, please. Hawa wamama hufurahi sana wakijisikia kwa redio. Na hiyo nukuu ni tamu! Wewe ni wa huku, unajua vile wanaongea. Si ndiyo maana nilikuajiri?"

Angeweza kuitoa nukuu ile. Taarifa ingesimama na ya Oduor peke yake, ingepungua ladha tu. Lakini sifa nayo ni kitu. Mtu huimeza kabla hajaitafuna. Ngowa aliibakiza nukuu, akaondoa ile rangi ya manjano kwa mkono wake mwenyewe, akabonyeza kutuma.

Alhamisi uzinduzi ulikwenda vizuri. Redio moja ya Mombasa iliisoma taarifa mchana, ikairudia jioni, na mara zote mbili mtangazaji alikoleza sauti pale kwenye mume anayerudi mapema. Gazeti liliweka picha na nukuu, takwimu likaziacha. Oduor aliwapigia akasema ile ya mama ndiyo imeuza. Siku ile Ngowa alipanda ngazi za ofisi kama kijana.

Jumamosi asubuhi simu yake ililia, namba asiyoijua.

"Wewe ndiwe Ngowa uliyeandikwa chini ya karatasi ya makaa?"

"Ndimi. Nani mwenzangu?"

"Mimi Jafar, wa Mtongwe. Redioni wamenipa namba yako. Mwanatabu wamjua?"

"Namjua... kwa picha."

"Kwa picha. Na mumewe je, wamjua?"

"La, simjui."

"Basi ajabu. Maana wewe ndiwe uliyesema anarudi mapema siku hizi. Nami ni nduguye, tumbo moja, nataka unambie arudi saa ngapi nipate kumngoja. Kwa sababu tarehe tisa ya mwezi wa kumi nilishuka kaburini mimi kwa miguu yangu, nikampokea, nikamlaza."

Ngowa alikaa kitako juu ya ngazi. Vipuri vilikuwa vinagongwa chini dukani.

"Unanisikia, Bwana Ngowa? Au nawe hupatikani?"

"Nakusikia."

"Mwanatabu yuko edani. Wiki sita na siku zake. Hatoki, hauzi viazi, havai rangi, hazungumzi na mwanamume wa nje. Ile namba uliyokuwa nayo ni ya marehemu, tumeizima. Sasa redio yasema anacheka jikoni na mume. Mume yupi? Dada zangu wauliza, mtaa wauliza. Mamangu mzazi tangu Alhamisi hapokei hata maji mkononi mwake. Asema mkwe wake amevunja eda kwenda kujisifu kwa watu wa redio. Naye masikini ameapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakusema neno na mtu. Nani atamwamini? Jina ni lake, picha ni yake."

"Bwana Jafar, yale maneno..."

"Nani aliyasema?"

Ngowa alitaka kusema kosa limetokea, au nukuu imepita bila kuthibitishwa. Maneno ya ofisini yote yalimpanga foleni. Lakini yule mtu alikuwa anangoja.

"Niliyatunga mimi," alisema.

Jafar akasema taratibu, "Basi na isemwe hivyo hivyo, redio ile ile," akakata.

Jumamosi hiyo hiyo Lynnette alikuja ofisini na Oduor. Ngowa aliwaeleza yote, mpaka vikombe vya chai vya kivukoni. Lynnette alishika kichwa. Hakuwa mwanamke mbaya. Alisema pole mara tatu. Kisha akatafuta njia.

"Tuseme aliongea mwezi wa nane, kabla ya msiba," alisema. "Picha ni ya mwezi wa nane, si ndiyo? Mume alikuwa hai. Tunaomba radhi, tulichelewa kuitoa. Mama anasafishika, sisi tunasafishika."

"Hiyo iko sawa," alisema Oduor. "Hata ni karibu na ukweli."

Na ilikuwa njia nzuri, ndiyo maana ikamuuma Ngowa. Ingemwondolea Mwanatabu ule uzushi wa mume wa edani siku hiyo hiyo. Akaiwazia kwa dakika nzima. Kisha akatikisa kichwa.

"Ameapa kwa Mungu kwamba hakusema na mtu," alisema. "Tukisema alisema mwezi wa nane, tumemfanya mwongo wa kiapo. Tumemtoa jikoni tukamtia mahali pabaya zaidi."

"Ngowa, ukiandika kwamba tulibuni nukuu, nani atatupa kazi tena?"

"Sitaandika tulibuni. Nitaandika nilibuni."

Lynnette alisimama. "Basi isitoke kwa barua pepe ya ofisi," alisema, akachukua mkoba wake.

Ngowa aliandika peke yake. Amenionyesha karatasi ile. Huikunja kwa nne. Aliijenga kama alivyojenga taarifa zote, jambo kubwa mbele, maana hakujua namna nyingine. Kichwa: "Marekebisho: Bi Mwanatabu wa Mtongwe hakusema maneno yaliyonukuliwa." Kisha sentensi chache. Kwamba katika taarifa ya makaa ya tarehe ishirini na tatu Novemba, maneno kuhusu mume wake yalitungwa na mwandishi wa taarifa, Ngowa Tsuma. Kwamba Bi Mwanatabu hakuhojiwa wala hakuulizwa, yuko edani baada ya kufiwa na mumewe, na hakuzungumza na mwandishi yeyote. Kwamba takwimu za taarifa ni sahihi. Hiyo ya mwisho aliifuta, akaona haya hata kuitaja.

Wahariri wote waliipokea jioni ile. Redio iliisoma mara moja tu, Jumatatu, baada ya habari za mpira, upesi upesi. Gazeti halikuiweka. Rafiki zake wa zamani walimpigia, wengine kumpa pole, mmoja kumcheka: "Ngowa bwana! Miaka yote ile ulikuwa unatusahihisha sisi!" Mkewe alimwekea chakula akakaa naye hadi alipomaliza, na Ngowa aliona afadhali angemgombeza.

Jumanne alivuka. Mvua ilikuwa ile ile na watu ni wale wale. Alifika Mtongwe amelowa chapachapa, karatasi ameitia ndani ya mfuko wa plastiki, akaelekezwa nyumba iliyo nyuma ya msikiti. Jafar alikuwa barazani, mtu mnene wa ndevu nyeupe. Pembeni yake, juu ya mkeka, amekaa mama yake, mdogo kama mtoto, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Ngowa.

"Marahaba," alijibu bibi, macho hayakuinuka.

"Huyu ndiye," alisema Jafar. Kisha akamwambia Ngowa, "Redio imesoma, lakini mamangu alikuwa anasali. Isome wewe. Kwa sauti ile ile uliyotutangazia miaka yote. Wala usiogope majirani; Alhamisi hukuwaogopa."

Majirani kweli walikuwapo, wanawake watatu chini ya bati la nyumba ya pili. Ngowa aliisoma karatasi yake. Sauti ilimtoka vizuri, ile sauti iliyozoea, na hilo lilimtia aibu kuliko maneno yenyewe. Alipofika "yalitungwa na mwandishi" akapapitia upesi. Jafar akasema, "Hapo rudia. Hapo ndipo penyewe." Akarudia.

Bibi aliendelea kuhesabu tasbihi yake mpaka akaufikia mwisho. Kisha akageuza uso mlangoni, kwenye giza la ndani.

"Mwanatabu!"

"Abee, mama," ilijibu sauti ya chini sana. Ngowa alikuwa hajawahi kuisikia.

"Maji yangu ya kunywa yako wapi leo?"

Ndani zikasikika hatua, na mfuniko wa mtungi. Salha, dada mdogo wa Jafar, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisogea kando kupisha mkono mmoja uliotoka na bilauri, mkono mtupu usio na pete wala hina. Bibi akaipokea. Akanywa yote.

Hapo Ngowa angeaga aende zake. Lililomleta lilikuwa limekwisha, Jafar mwenyewe alikuwa ameanza kusema, "Haya, mvua yazidi." Lakini hakuondoka. Alisimama pale na karatasi yake. Alikuwa ameitazama sana picha ya yule mwanamke. Alikuwa amempa mume, amempa moshi, amempa kicheko, vyote kutoka kichwani mwake, na hata siku moja hakuwahi kumwachia nafasi ya kusema lake.

"Dadangu," alimwambia Salha, "niulizie Bi Mwanatabu jambo moja, kisha naondoka."

Salha alimtazama Jafar. Jafar hakukataa wala hakukubali. Majirani walisogea kidogo. Ngowa alijua yule mwanamke yuko hatua mbili tu nyuma ya pazia na anasikia bila kuulizwa na mtu. Alingoja pale mpaka Jafar akaingia ndani, na bibi akasaidiwa kuinuka, na mkeka ukakunjwa. Swali lile hakupata kuliuliza, na hata leo, tukikaa wawili, huniuliza mimi, kana kwamba mimi nilikuwapo:

"Lau ningevuka siku ile nikamuuliza mwenyewe, angesema nini?"